Foleni tupu dirishani saa moja na nusu: maabara ifanye nini kabla wagonjwa hawajaja?

*"Shikamoo. Niko maabara ya hospitali ya wilaya, mwaka wa pili kazini. Zamu ya asubuhi tunaingia saa moja na nusu, lakini dirishani hakuna mtu mpaka saa tatu kasoro. Tunakaa, simu mkononi. Ikifika saa tatu wanamiminika wote kwa pamoja, tunazidiwa. Mkuu wa maabara anasema tunachezea muda, mwenzangu anasema ni haki yetu kupumua kidogo. Muda ule tuutumieje hasa?"*

Marahaba, mdogo wangu. Kabla ya kuutumia muda huo, hakikisha kwanza kwamba foleni ni tupu kweli. Dirisha lako halina mtu, sawa, lakini dirisha siyo hospitali.

Nalisema hili kwa sababu limenikuta. Kituo kimoja nilichofanyia kazi, tulikaa asubuhi nzima tukifurahia utulivu, mpaka muuguzi akaja kuuliza kwa nini majibu hayatoki. Kumbe mtandao ulikuwa umekata tangu alfajiri, namba za malipo hazitoki, na wagonjwa 14 walikuwa kwenye benchi mbele ya mhasibu na vipimo vyao vimeshaandikwa na daktari. Kwenye kompyuta yetu hapakuwa na oda hata moja, nasi tukaamini kompyuta. Siku hizi mtu wangu wa kwanza kufika namtuma atembee: apite mapokezi, apite dirisha la malipo, amalizie wodini. Ni dakika kumi tu.

Wodini ndiko ninakokazia zaidi. Mara nyingi muuguzi wa usiku amechukua damu saa kumi na mbili asubuhi, akaziweka chupa kwenye trei juu ya meza yake, akisubiri mtu wa kuzipeleka. Yeye anakabidhi zamu, wewe umekaa, na damu inaendelea kufanya kazi ndani ya chupa. Seli hazijui kwamba zimetolewa mwilini, zinaendelea kula sukari. Damu isiyotenganishwa, ikikaa kwenye joto la chumba, hupoteza sukari kiasi cha asilimia 5 hadi 7 kila saa. Mgonjwa aliyekuwa na 4.0 saa kumi na mbili, ukimpima saa tatu unaweza kusoma 3.3, na daktari akaanza kuhangaika na sukari iliyoshuka ambayo mgonjwa hana. Chupa ya kifuniko cha kijivu, ile yenye floridi, inasaidia, ila usidhani inazuia papo hapo: saa ya kwanza na ya pili sukari bado inapungua kidogo. Kwa hiyo foleni yako ya kwanza huenda iko kwenye trei ile. Ilete, izungushe kwenye sentrifuji, tenganisha seramu au plazma, na hapo umeshafanya kazi kubwa hata kama dirishani hakuna mtu.

Tuseme umezunguka, kweli hakuna kitu. Sasa una kama saa moja na robo. Hapa ndipo mwenzako na mkuu wenu wanapogombania kitu ambacho wote wawili hawajakitaja. Kuna kazi za maabara ambazo huwezi kuzifanya vizuri mtu akiwa amesimama dirishani anakuangalia. Kubwa kuliko zote ni kuendesha kontroli, yaani sampuli ambayo majibu yake tunayajua tayari, na kuwa na muda wa kuhoji inapokataa. Kuiendesha tu ni rahisi, hata saa tatu na nusu unaweza. Shida ni ile nusu saa inayofuata ikikataa.

Nikupe asubuhi moja jinsi ilivyokwenda. Saa moja na dakika arobaini tunaendesha kontroli mbili za mashine ya kemia, ya kiwango cha chini na ya kiwango cha juu. Sukari kwenye kontroli ya chini wastani wetu ni milimoli 5.5 kwa lita na mkengeuko sanifu ni 0.2, maana yake tunatarajia iangukie kati ya 5.1 na 5.9. Inatoka 6.0. Kijana aliyekuwa kwenye mashine tayari kidole kiko kwenye kitufe cha kurudia. Hii ni tabia ya maabara nyingi, nami nimeifanya nilipokuwa na umri wake: unarudia, unarudia, mpaka mashine ikubali, kisha unaandika ile iliyokubali. Kwa bahati tu, hata mashine isiyo na kasoro yoyote itatoka nje ya mikengeuko miwili karibu mara moja katika 20, kwa hiyo kurudia mara moja si dhambi. Lakini kabla ya kurudia, kuna mambo matatu ya kutazama, na hayagharimu hata tone la kitendanishi.

La kwanza ni chati ya Levey-Jennings ya siku zilizopita. Ingekuwa sukari inapanda kidogo kidogo kwa wiki nzima, 5.5, 5.6, 5.7, 5.8, ningewaza kitendanishi kinachozeeka au taa ya mashine inayochoka. Chati yetu ilikuwa tulivu, vidoti vinacheza juu na chini ya mstari wa wastani, halafu leo kimoja kimeruka. Kuruka ghafla kunauliza swali moja tu: tangu jana kumebadilika nini?

La pili ni kontroli ya juu. Wastani wake wa sukari ni 14.0, nayo imetoka 14.1. Safi kabisa. Kama mashine au kitendanishi cha sukari ndicho chenye kasoro, kwa nini kasoro ionekane chini na isionekane juu?

La tatu, ambalo wengi hulisahau, ni vipimo vingine kwenye kichupa kilekile. Yurea ya kontroli ya chini, wastani 6.0, imetoka 6.5. Kreatinini, wastani wa mikromoli 90, imetoka 98. Zote mbili zilikuwa bado ndani ya mipaka, kwa hiyo mashine haikupiga kelele na hakuna aliyeziangalia. Gawanya kila moja kwa wastani wake uone: sukari imepanda kwa asilimia 9, yurea 8, kreatinini 9. Vipimo vitatu, kila kimoja na kitendanishi chake, haviwezi kupanda kwa kiwango kimoja kwa bahati mbaya. Kinachoviunganisha ni kichupa chenyewe.

Tukafungua daftari la makabidhiano. Jana jioni kichupa kipya cha kontroli ya chini kilifunguliwa. Ile ni poda, unaongeza maji yaliyotoneshwa mililita 5 kamili kwa pipeti, unaacha dakika 30, unageuzageuza taratibu bila kutikisa. Ukiweka mililita 4.6 badala ya 5, kila kitu ndani kinakuwa kizito kwa kiasi kilekile tulichokiona. Hatukuwa na haja ya kumsaka aliyeweka. Tulitengeneza kichupa kingine, tukasubiri zile dakika 30, tukaendesha: 5.5, 6.1, 90. Saa mbili na nusu tumemaliza, kichupa cha jana tumekitupa, tumeandika sababu. Hesabu mwenyewe dakika hizo kama zingepatikana saa tatu na nusu, watu 30 wakiwa wamesimama.

Na ungefanya nini saa tatu na nusu? Nimeona watu wakifanya. Wanaingia kwenye mpangilio wa mashine, wanabadilisha namba ya kuzidishia ili kontroli irudi kwenye 5.5. Kontroli ya chini inapendeza, chati yake inapendeza. Ila mashine ilikuwa nzima, sasa umeifanya isome chini kwa asilimia 8 hivi kwa kila mgonjwa. Mama aliyefunga usiku kucha na sukari yake ni 7.4 anaondoka na jibu la 6.8. Mpaka wa kusema mtu ana kisukari akiwa amefunga ni 7.0. Umemrudisha nyumbani bila dawa, kwa kosa la maji mililita 0.4 yaliyokosekana kwenye kichupa ambacho yeye hakukigusa.

Ndiyo maana nasema kontroli ya asubuhi iende kwanza, kabla ya chai, kabla ya lolote. Kama una mashine ya picha kamili ya damu, ni vivyo hivyo: toa kontroli kwenye jokofu mapema zipate joto la chumba, kwa sababu kontroli baridi iliyochanganywa haraka haraka hutoa majibu ya ajabu, nawe utalaumu mashine.

Ukishaziweka kontroli mashinani, una dakika za kusubiri, nenda kwenye jokofu. Naomba usome kipimajoto, usisome karatasi. Nimekagua maabara ambayo karatasi ya joto ilikuwa na "4" kwa siku 31 mfululizo, kalamu moja, mwandiko mmoja, na mwezi wenyewe ulikuwa na siku 30. Jokofu linatakiwa kuwa kati ya nyuzi 2 na 8, sawa, lakini joto la saa moja na nusu asubuhi halikuambii usiku ulikuwaje. Umeme ukikatika saa nne za usiku ukarudi saa kumi, asubuhi utakuta 5 na utaandika 5 kwa moyo safi. Kama kipimajoto chenu kina kumbukumbu ya joto la juu na la chini, bonyeza usome la juu. Ukikuta 17, umepata kazi ya asubuhi: toa orodha ya vilivyokuwa ndani, soma kwenye karatasi ya kila kitendanishi kinavumilia nini, vyenye shaka vitenge na uviendeshe na kontroli kabla ya kuvitumia. Halafu futa kumbukumbu ili kesho isikudanganye na joto la leo. Hatua hii ya kufuta ndiyo inayosahaulika, na matokeo yake 17 inabaki pale wiki tatu mpaka hakuna anayeiamini tena.

Tuje kwenye malaria, maana najua nusu ya foleni yenu ya saa tatu ni ya slaidi. Hapa watu wenye bidii hufanya kosa moja: wanatumia utulivu kuchanganya Giemsa ya siku nzima. Usifanye hivyo. Rangi iliyokwisha kuchanganywa na bafa huanza kutengeneza chembe, na chembe hizo zikikaa kwenye slaidi nene, mtu aliyechoka anaziona ni vimelea. Changanya pale slaidi zako za kwanza zinapokauka. Asubuhi kagua kile ambacho rangi inategemea: pima bafa kama bado ni pH 7.2, chuja rangi mama kiasi cha kutumia leo, kisha tengeneza rangi kidogo ya asilimia 10 kwa slaidi moja tu ya majaribio, ile unayojua ina vimelea. Dakika 10, suuza, kausha, itazame. Kiini cha kimelea kiwe chekundu kinachoelekea zambarau, mwili wake uwe wa samawati. Ukiona slaidi nzima ina wekundu wa waridi na samawati imefifia, bafa yako ina asidi. Ikiwa kila kitu ni buluu na viini havijitokezi, imekwenda upande wa pili. Ni afadhali uligundue kwa slaidi yako kuliko kwa slaidi 40 za watu.

Na hapo hapo ukiwa umeshakaa kwenye hadubini, fanya kitu ambacho kwangu kimefundisha watu kuliko semina. Chukua slaidi mbili za jana alizosoma mwenzako, moja aliyoandika ina vimelea na moja aliyoandika havikuonekana, mtu mwingine azifunike namba, usome bila kujua. Naye asome zako. Isiyo na vimelea uipe haki yake, maeneo 100 ya kuonea kwa lenzi ya mafuta kabla ya kusema hakuna. Saa nne asubuhi, usidanganye, wengi wetu tunaishia 40. Zile slaidi mbili zikitofautiana, kaeni pamoja hapo hapo mtafute eneo lenyewe. Bishaneni mkiwa mnaangalia kitu kimoja. Kama kilichotofautiana kingeweza kubadilisha matibabu, mjulisheni mkuu wa maabara na daktari asubuhi hiyo hiyo, mgonjwa atafutwe.

Sasa yale ambayo nisingekushauri uyaanze, maana foleni tupu ina mitego yake. Usianze kazi isiyoweza kukatizwa. Kuhesabu stoo nzima, kuyeyusha barafu ya jokofu, kupanga upya kabati la vitendanishi: saa mbili na dakika hamsini mgonjwa wa kwanza atakukuta na makopo sakafuni, nawe utayarudisha ovyo. Hizo ziombee mchana. Za asubuhi ziwe zile ambazo ukiziacha katikati haziharibiki, kama kutazama tarehe za kuisha muda za rafu moja na kusogeza mbele zinazoisha mapema.

Na kuna moja nakukataza kabisa. Najua mnalifanya kwa sababu karibu kila mtu hulifanya: kuandika namba kwenye chupa kabla ya wagonjwa kufika. Inaonekana ni akili, moja mpaka 40 zimepangwa kwenye raki, saa tatu kazi inaruka. Niliwahi kuona mgonjwa wa 17 akaenda msalani kabla ya kutolewa damu, chupa yake ikabaki mezani, aliyefuata akachukuliwa damu na kuwekwa kwenye chupa iliyokuwa karibu. Kuanzia hapo kila mtu alikuwa na damu ya jirani yake, mpaka wa 23, alipotokea mtoto wa miaka minne mwenye kreatinini ya mzee. Mtoto huyo ndiye aliyetuokoa. Angekuwa ni mtu mzima, tusingejua. Chupa iandikwe mgonjwa akiwa ameketi mbele yako, amekutajia jina lake mwenyewe, na damu imeshaingia ndani. Asubuhi panga chupa tupu kwa rangi zake, jaza sindano, pamba na spiriti, toa tepe, toa kalamu mbili zinazoandika. Maandishi yasubiri.

Kuhusu kupumua, mwenzako ana haki. Nyie hamtakaa chini mpaka saa saba, na mtu mwenye njaa husoma slaidi vibaya. Kontroli zikishakubali, mmoja atoke akanywe chai na chapati yake, arudi, aende mwingine. Nje, siyo juu ya meza ya sampuli. Mkuu wenu akikuta mmoja kantini na mwingine ndani, na chati ya kontroli imesainiwa saa mbili na nusu, nadhani maneno yake yatapungua.

Lakini kuna swali ambalo hukuniuliza, nami ndilo ningeanza nalo kama ningekuwa hapo kwenu: kwa nini dirisha ni tupu saa moja na nusu na linafurika saa tatu? Wagonjwa wameshafika. Nenda uwaone, wako getini tangu saa kumi na mbili. Wanamsubiri daktari, ambaye anamaliza raundi ya wodini karibu saa tatu, ndipo anaanza kuandika vipimo. Foleni yenu inatengenezwa huko. Na miongoni mwao wapo wa kliniki ya kisukari, ambao wamefunga chakula tangu jana usiku, wengine wazee, wanaokaa na njaa kwa saa tatu nzima wakisubiri karatasi ya kipimo ambacho kila mtu alijua tangu mwezi uliopita kwamba watapimwa.

Kwa wiki mbili andikeni kwenye daftari vitu vitatu tu kila asubuhi: mgonjwa wa kwanza alifika dirishani saa ngapi, na kati ya saa tatu na saa nne walifika wangapi, wangapi kati yao ni wa sukari ya kufunga. Mpeni mkuu karatasi hiyo apeleke kwa daktari wa kliniki, na ombi moja: mgonjwa wa kisukari akimaliza kuonwa leo, aondoke na fomu ya kipimo cha tarehe ijayo ikiwa imeshasainiwa, imeandikwa "aje maabara saa mbili, hajala". Msikubaliane saa moja na nusu, mtakuwa mmeziua kontroli zenu. Saa mbili na nusu kwenu kontroli zimekubali, ila waambieni saa mbili, maana wa mbali huchelewa. Tulipofanya hivyo sisi, siku za kliniki wagonjwa kumi na kitu walikuwa wameshatolewa damu na wanakunywa uji kabla daktari hajafungua mlango wake.